Barua kwa Mamake Rehema: yai, samaki na mboga

Mtongwe, Likoni
Alhamisi

Mamake Rehema,

Salamu kwako na kwa nyanya. Jana utepe wa kupimia lishe ulisoma sentimita 12.7 kwenye mkono wa Rehema. Ni kijani bado, rangi ya salama, ila kijani huanzia 12.5, na uzito haujapanda tangu kliniki ya mwezi uliopita. Kula anakula. Shida ni uji asubuhi, wali na mchuzi mchana, uji tena jioni: tumbo linajaa, mwili haupati cha kujengea.

Mchuzi ndio unaotudanganya. Ladha ya samaki imo, lakini nguvu yenyewe iko kwenye mnofu. Mtolee kipande chake kabla hamjapakua, ukubwa wa vidole vyako viwili. Nguru ni rahisi, miiba yake mikubwa. Changu na tasi pia wafaa, ila uvunjevunje mnofu kwa vidole. Kijiko hakiuhisi mwiba. Pesa zikipungua, nunua dagaa wasio na chumvi: osha mchanga, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike mkononi, twanga, chekecha. Tia kijiko kimoja kikubwa katika uji ukingali motoni. Ng'onda waachie wakubwa, chumvi imezidi.

Yai lichemke dakika 10, kiini kigande. Liponde lote, jeupe na kiini, ulilainishe kwa maziwa yako. Siku ya kwanza mpe kijiko kidogo tu. Akitoka vipele au akitapika, usimrudishie mpaka tuonane. Midomo ikivimba au akihema kwa shida, hospitali papo hapo. Akiwa salama, ongeza mpaka yai zima kwa siku.

Mchicha au majani ya kunde osha kwanza, ndipo ukate. Ukikata kabla, vitamini huenda na maji. Pika dakika 5 hivi kwa maji kidogo, usiyamwage, kisha tia kijiko cha tui, kwa kuwa vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Malenge yaliyopondwa nayo humfaa, tena ni matamu. Kamulia ndimu kwenye mboga, husaidia damu kupata madini ya chuma. Chai, hata ya maziwa, hufanya kinyume, tafadhali iache.

Kwa miezi yake 9, mpe nusu kikombe cha chai mara 3 au 4 kwa siku, kwenye sahani yake mwenyewe ili ujue amekula kiasi gani. Uji uwe mzito, ukiinua kijiko usichuruzike. Kati ya milo mpe ndizi au embe, na ziwa usimkatize.

Akitema mboga leo, mpe tena kesho kidogo kidogo. Si kwamba haipendi, hajaizoea.

Nyanya akisema yai humchelewesha mtoto kusema, msibishane. Jumatatu saa nne nitapita, nitazungumza naye. Weka kitabu cha kliniki karibu.

Mhudumu wako wa afya ya jamii