Kwa Saumu, siku ya kutimiza miaka 40

Saumu mwenzangu, Assalaam alaykum.

Leo, Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025, umetimiza miaka 40. Nimesubiri jua lichomoze ndipo nikutumie maneno haya, kwa sababu najua kwamba saa kumi ya alfajiri katika siku hii ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Katika miaka yote 20 niliyokufahamu, Mzee wetu alikupigia simu saa hiyo, kabla ya adhana, wala hakuwa na maneno ya pongezi kama tunavyopeana sisi, bali aliuliza swali lake moja tu, «Saumu, umekula daku?», hata kama Ramadhani ilikuwa imekwisha miezi mingi iliyopita. Mwaka jana, alipokuwa amekwisha kupatwa na kiharusi na ulimi wake umekuwa mzito, Mama alimshikia simu sikioni, na neno lililotoka lilikuwa moja, «daku». Ulinisimulia asubuhi ile ile huku unalia na kucheka. Usiku wa kuamkia leo nilifikiri nikupigie mimi, ili simu yako isinyamaze, kisha nikaacha. Saa ile ni yake, na sidhani kwamba ingekufariji kusikia sauti ya mtu mwingine mahali pake.

Mwishoni mwa Mfunguo Pili, siku Mama alipotoka eda, tulipokuwa tunakunja nguo zake chumbani, uliniambia kwamba siku ya kuzaliwa ya mwaka huu tuiache ipite. Nimeliheshimu neno lako. Sikuwaita wenzetu, sikuagiza keki, na wala sitaki uvae uso wa furaha kwa ajili ya wageni wakati moyo wako haujatulia. Hata hivyo, kunyamaza kabisa kumenishinda, kwa kuwa wewe ni mtu ninayemshukuru Mungu kwa kumleta duniani, na shukrani hiyo haikupungua kwa sababu mwaka umekuwa mzito. Nakupongeza, Saumu. Nakupongeza nikijua kwamba unaumia.

Siku ile uliongeza jambo jingine, ukalisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba nadhani ulikuwa unajisemea mwenyewe. Ulisema, «Sasa nani atanisimulia?» Sikukujibu, kwa sababu Mama aliingia, lakini swali hilo nimetembea nalo kwa wiki mbili. Hakuna mtu anayekumbuka kuzaliwa kwake. Sote tunaijua siku hiyo kwa mdomo wa waliokuwepo. Mama mwenyewe husema kwamba alichobaki nacho usiku ule ni maumivu na joto, na kwamba hadithi yote ilikuwa ya Baba Saumu. Mimi nimeisikia hadithi hiyo kibarazani kwenu Manundu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, tangu mwaka 2005 nilipokuwa nakuja kula kwenu mwisho wa juma kutoka chuoni, hadi Ramadhani ya mwaka jana, ambayo ilikuwa yake ya mwisho. Kwa hiyo zawadi yangu ya leo ni hadithi yako, nimeiandika kama nilivyoipokea kwake.

Ilikuwa mwaka 1985, Ramadhani imeingia kumi la mwisho. Mzee alikuwa zamu ya usiku stesheni ya Korogwe, na Mama alianza kuhisi uchungu muda mfupi baada ya futari. Mtoto wa jirani alitumwa kwenda kumwita, akakimbia juu ya mataruma ya reli gizani, akafika akihema, akasema, «Shemeji anakwenda hospitali.» Mzee alipofika hapo alikuwa akiinua kidole, kwa sababu ndipo ugumu wake ulipoanzia: treni ya kwenda Moshi ilikuwa bado haijapita, na hakukuwa na mtu wa kumwachia kazi. Alikuwa akisema kwamba hajawahi kuisubiri treni kwa dua kama alivyoisubiri ile. Ilichelewa. Kwa muda gani, mimi na wewe hatutajua kamwe, maana katika miaka ile 20 ilichelewa nusu saa, saa nzima, na mara moja, mbele ya wageni wa harusi ya mdogo wako, ilichelewa hadi saa nane za usiku.

Ilipopita, alikabidhi zamu, akachukua kandili ya kazini na kwenda kwa miguu. Hospitalini wanaume hawakuruhusiwa kuvuka mlango wa wodi ya wazazi, kwa hiyo alikaa nje kwenye benchi pamoja na mlinzi, mzee wa Kisambaa, ambaye alifungua bakuli lake la daku na kumkaribisha. Kulikuwa na muhogo uliolala na chai ya rangi isiyo na sukari, kwani sukari katika miaka ile ilikuwa ya kupangiwa foleni. Mzee alinawa mikono, akamega kipande cha kwanza, na kabla hakijafika mdomoni akasikia mtoto analia ndani. Alikirudisha bakulini. Alisimama mlangoni kwa muda wote uliobaki, akingoja aitwe, na alipoitwa na kukuadhinia sikioni, adhana ya msikitini nayo ilikuwa inaanza. Alifunga siku hiyo bila kula chochote. Hapo ndipo alipokuwa akikutazama wewe, si sisi wasikilizaji, na kusema, «Nilishinda na njaa ya siku mbili nisiisikie. Nikasema, huyu ni Saumu.»

Ndivyo ilivyo. Nimejaribu kutoongeza, ingawa najua kwamba muhogo ule katika miaka mingine uligeuka kuwa wali. Iweke mahali utakapoiona, na siku wanao watakapoiuliza, wasomee, kisha uwaambie pia jinsi alivyokuwa akiinua kidole.

Kuna jambo jingine ninalotaka kukuambia, na naomba ulisome polepole. Najua unachojilaumu. Tarehe 20 Januari ulikuwa ndani ya basi, umepita Segera, imebaki kama nusu saa ufike, simu ilipoita. Umenieleza safari hiyo mara tatu, na kila mara unaishia pale pale, kwamba ulikosa kuwa chumbani, kwamba ungepanda basi la saa kumi na mbili badala ya la saa mbili ungemkuta. Sitakuambia usiumie, maana ni jambo la kuumiza. Nataka tu uikumbuke hadithi uliyoisoma sasa hivi. Yeye pia hakuwa chumbani ulipozaliwa. Alikuwa nje ya mlango, baada ya kuchelewa kwa ajili ya kazi na treni, na bakuli la mtu mwingine mkononi. Katika miaka 40 hakuna hata mmoja wetu, si wewe wala Mama, aliyewahi kusema kwamba Baba Saumu hakuwepo. Tulisema siku zote kwamba alikuja usiku kwa miguu, na kandili. Nawe ulikuwa njiani, Saumu, kama ulivyokuwa njiani kila Ijumaa jioni kwa miezi minane, ukitoka darasani Dar es Salaam na madaftari ya hesabu ya wanafunzi kwenye mfuko, ukisahihisha ndani ya basi, ili Jumamosi yote uwe wake: umwogeshe, umnyooshe mkono ule uliolala, umsomee Yasini na gazeti. Mama aliniambia msibani kwamba siku za Ijumaa alikuwa anakataa kulala mapema, na kila gari lililopita barabarani aligeuza macho mlangoni. Alijua unakuja. Hata siku ile alijua.

Kwa hiyo ninapokupongeza leo, sikupongezi kwa kuhesabu miaka tu. Nampongeza mwanamke niliyemwona mwaka huu akisimamia msiba, akihakikisha kila aliyetoka mbali amekula, akikaa na wadogo zake kugawana mambo ya nyumba bila neno kali, kisha siku ya hitma ya arubaini akajifungia jikoni na kulia peke yake kwenye moshi wa kuni ili wasijue. Nilijua. Nampongeza pia mwalimu ambaye wanafunzi wake wa kidato cha nne walikuja kwenye tanga hadi Korogwe na nauli walizochangishana, wakaketi mkekani kwa adabu utadhani ni watoto wa nyumba ile. Na nampongeza rafiki yangu, ambaye Jumamosi iliyopita, siku ya Idi, alicheka sana shangazi aliposimulia habari za mbuzi aliyekatika kamba, halafu akainuka ghafla na kwenda nje kama mtu aliyetenda kosa. Haikuwa kosa. Kicheko kile kilikuwa cha Baba yako kabisa, kinachoanzia kifuani kabla ya kufika mdomoni, na Mama alikisikia. Nilimtazama usoni. Aliinamisha kichwa, akatabasamu.

Huna deni la kuwa na furaha leo. Ukitaka kuzima simu, zima. Ukitaka kulala mchana kutwa, lala, na ukijikuta unafurahi katikati ya siku bila kutarajia, furahi mpaka iishe yenyewe. Ila usiniambie kwamba siku hii haina maana tena kwa kuwa aliyeisimulia ameondoka, kwani mimi ninayo, Mama anayo kwa namna yake, na sasa nawe unayo kwa maandishi.

Namwomba Mwenyezi Mungu amlaze Mzee wetu mahali pema, aijaze nuru nyumba yake ile, na akupe wewe umri mrefu wenye afya, riziki ya halali, na watu wa kukungoja mlangoni. Namwomba pia amhifadhi Mama, ambaye siku ya leo ni yake vilevile.

Jumamosi nitakuja Korogwe kwa basi la asubuhi, maana Mama amenidokeza kwamba utakuwa huko. Sitakuja na sherehe. Machungwa ya Muheza yameanza kushuka, nitanunua kapu moja njiani kama Mzee alivyokuwa akifanya, na jioni nitaomba tuketi watatu kibarazani, tumenye machungwa, nawe utusomee hadithi hii kwa sauti. Mama atatusahihisha kuhusu ile treni.

Mwenzako wa daima,
Zuhura