Mwalimu shikamoo, naomba unielekeze: kwenye GIS nani kweli anaajiri watu wapya?

Shikamoo mwalimu,

Natumai uko salama na hao wa mwaka wa tatu hawakuchoshi kama sisi tulivyokuchosha. Ni mimi yule wa projekti ya mafuriko, niliyekua nakujia ofisini na picha za rada za Sentinel-1 kila wiki mpaka ukaniambia niache kupaka ramani rangi nikae chini niandike. Nilikaa nikaandika na nikapita, asante sana kwa ile kelele.

Naomba niende moja kwa moja kwenye shida yangu. Toka tumemaliza natafuta kazi, na kilichonichosha sio hata kukosa, ni kutojua mlango upi ni mlango na upi ni ukuta uliochorwa mlango. Matangazo hayasemi ukweli mwalimu. Unaona kichwa cha habari "nafasi kwa wanaoanza", unafurahi, unashuka chini unakuta uzoefu wa miaka mitatu, ujue ArcGIS, PostGIS na Python, uwe na kibali cha kurusha droni, na uwe tayari kuendesha gari la ofisi. Kuna tangazo jingine nimeliona likibandikwa upya neno kwa neno, nikamuuliza jamaa aliyepo mule ndani akacheka tu, akasema mtu wao wanamjua zamani, tangazo ni kutimiza utaratibu.

Kwahiyo siulizi nani ametangaza nafasi, hizo naziona mwenyewe. Nauliza hivi: kwenye wanafunzi wako wa hii miaka miwili mitatu ya karibuni, wale walioingia kazini bila mjomba ndani na bila uzoefu wowote zaidi ya filidi ya chuo, walianzia wapi? Na baada ya mwaka bado wapo au walishatolewa? Hilo wewe unalijua kuliko tovuti yoyote ya ajira maana wanarudi kwako kuomba barua.

Nikueleze nilivyoona mimi mpaka sasa, unirekebishe ninapokosea.

Kampuni za upimaji zinachukua wapya, hilo halina ubishi, ila wanakuchukua kwa saiti. Unashika prizimu, unabeba tripodi, ukibahatika wanakuachia ile RTK uchukue pointi mwenyewe, saiti ikiisha na wewe umeisha. Sio kwamba nadharau, juani naweza kukaa na najua huwezi kuamini data ambayo hujawahi kuikusanya. Ninachoogopa ni kuganda pale, kwamba baada ya muda kila anayeona sivii yangu aseme huyu ni mtu wa saiti, ofisini hatufai. Wapo uliowaona wakivuka toka saiti kwenda kwenye meza ya data? Kama wapo, kampuni zipi zinawaruhusu kuvuka?

Upande ninaoutolea macho zaidi ni mashirika ya maji na umeme, pamoja na makandarasi wa faiba. Nionavyo mimi hawa ndo wenye kazi ambayo mzoefu haitaki: michoro ya zamani ya karatasi ya kuskani na kudijitaiza, mabomba ambayo kwenye ramani yanapita katikati ya nyumba ya mtu, valvu moja ina namba mbili, mita hazina koodineti. Ni kazi ya kuchosha na ni nyingi, na mtu mpya mwenye subira anaiweza kabisa. Ila sioni wakitangaza, nahisi wanachukua watu kwa makundi hela ya mradi ikishaingia, halafu wanapita kwa mkandarasi wala sio kwao moja kwa moja. Kama ndivyo basi nimekua natuma barua sehemu ambayo siyo, na ningependa kujua huyo mkandarasi anapatikanaje na huwa anaulizwa nani.

Washauri wa mazingira nimewafikiria pia. Tatizo lao wanataka ramani jana, na mara nyingi mtu wa GIS ni mmoja tu ofisi nzima, sasa mtu mpya utajifunza kwa nani? Labda nakosea hapo, wewe umewahi kufanya nao kazi.

Umoja wa Mataifa nao kila mtu ananitajia kana kwamba ni duka la jirani. Nilichothibitisha ni kwamba ile programu ya vijana, YPP, haidai uzoefu, wanataka shahada ya kwanza na umri usizidi miaka 32, ila lazima nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo na ufaulu mtihani. Nitaufuatilia lakini siwezi kuukalia peke yake. Intanshipu za sekretarieti yao hazina mshahara, na mimi kwa sasa siwezi kuishi bila kipato.

Na hapo kwenye intanshipu naomba unisaidie kutofautisha maana ndo nimeumizwa. Kuna ofisi moja sitaitaja nilikaa nao kwa ahadi ya "tukuone kwanza", nikasafisha data zao za viwanja mpaka zikaeleweka, walipomaliza wakaleta wanafunzi wengine waendeleze nilipoishia. Sasa kabla mtu hajaingia atajuaje kama hawa wanafundisha waajiri au wanazungusha watu tu? Mimi nimeanza kuuliza kwenye intavyu "mtu wa mwisho aliyekua intani hapa yuko wapi sasa hivi", wengine wanajibu vizuri, wengine sura zinabadilika, nadhani hata hilo ni jibu.

Intavyu zenyewe sio mbaya. Juzi kati nilipewa shepufaili isiyo na ile .prj, leya haikai juu ya nyingine, wakasema itengeneze. Nikaangalia namba nikaona ni mita sio digrii, nikajaribu zoni za UTM mpaka barabara zikakaa juu ya picha ya setelaiti. Wakafurahi, halafu swali lililofuata likawa nimeshahudumia wateja wangapi wa nje. Basi ikaishia hapo.

Kwa sasa QGIS naiweza vizuri, Python ya kurudia kazi za kila siku naiandika bila kunakili, PostGIS bado najifunza, mambo ya ST_Intersects na kusafisha jiometri mbovu. Ramani za kwenye wavuti sijaingia. Ukiona kuna kitu kinachowafanya waajiri wanaochukua wapya waniruke niambie wazi, hata kikiuma, muda wa kujifunza ninao.

Ninachoomba ni majina mawili matatu ya sehemu unazoziamini, na kwa kila moja niandikie nani, maana imeili za "info" hazijibiwi. Na kama haikusumbui, niruhusu kusema umenielekeza wewe. Ukiona haifai nitaelewa, sitalitumia jina lako bila ruhusa. Barua ya kunitambulisha siombi kwa sasa, najua umebanwa na mitihani.

Sivii nimeiambatanisha, ukurasa mmoja, na ramani mbili za ile projekti. Ukiona kuandika ni kazi nitumie tu sauti kwenye wasapu namba ni ileile, au nipangie siku nije ofisini, asubuhi yoyote isipokua Jumatano maana siku hiyo nafundisha vijana kompyuta.

Asante sana mwalimu, wasalimie hapo idarani.

Mwanafunzi wako wa mafuriko