Krismasi Hii, Mpe Vocha Mama Achague Kitenge Mwenyewe

Unamjua mama. Ukimpelekea kitenge cha rangi asiyoipenda atashukuru sana, atakikunja vizuri, na Pasaka utakikuta bado kabatini. Safari hii mpe vocha ya zawadi, aje mwenyewe dukani kwetu Mwanga, Kigoma, ashike kitambaa, abishane na muuzaji, achague.

Vocha zipo za shilingi 20,000, 50,000 na 100,000. Kila moja tunaitia kwenye bahasha ya kitenge iliyoshonwa hapahapa, na jina la mpewa tunaliandika kwa mkono. Ukitaka tuifunge pamoja na doti ya khanga, sema tu. Khanga utalipia, kufunga ni bure. Uko Dar au Mwanza? Lipa kwa simu, tuambie maneno ya kuandika ndani, naye ataichukua dukani.

Vocha inatumika miezi 6 tangu siku iliponunuliwa, na tarehe ya mwisho imeandikwa nyuma. Kwa hiyo hakuna haja ya kugombania fundi Desemba hii. Januari anakuwa ametulia, na mshono hutoka vizuri zaidi.

Kuitumia, mpewa aje nayo tu. Inalipia kitambaa na mshono pia. Bei ikizidi, ataongeza. Ikibaki salio, tunaliandika kwenye vocha alitumie siku nyingine. Fedha taslimu haturudishi. Tunza risiti: vocha ikipotea kabla haijatumika, tutakuandikia nyingine.

Mkesha wa Krismasi tunafunga saa 2 usiku.