Sala ya Bwana kwa Jumapili nane: mwongozo wa usharika, 30 Agosti hadi 18 Oktoba 2026

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mliokuwa kwenye msiba pale Kayenze mtakumbuka kilichotokea makaburini. Mzee alisema, "Tusali sala aliyotufundisha Bwana," tukaanza wote kwa sauti moja. Tulipofika kwenye ufalme sisi tukasema "uje", ndugu zetu Wakatoliki wakasema "ufike". Sisi "mapenzi yako yatimizwe", wao "utakalo lifanyike". Sisi tukaomba riziki, wao mkate. Kila upande ukawa unapandisha sauti kidogo, kama kwaya mbili zilizopewa kipaza sauti kimoja, na wao wakafika Amina sisi tukiwa bado na mstari mzima mbele yetu. Kuna waliocheka, msibani. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza ni lini mara ya mwisho niliyasikia maneno yale. Kuyasema nayasema kila siku, na nusu dakika haiishi nimemaliza.

Ndipo tukakubaliana na wazee wa kanisa tuisome polepole, ombi moja kila Jumapili. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inahesabu maombi saba. Sisi tunaupa mwito wa mwanzo Jumapili yake, basi zinakuwa nane. Somo kuu ni Mathayo 6:9-15, litasomwa kila wiki. Jumuiya zitakutana Jumatano jioni kama kawaida. Viongozi wa jumuiya na wainjilisti, mwongozo huu ni wenu.

Jambo moja mlisikilize wiki zote nane. Tafuteni "ni-" katika sala hii. Hakuna nipe, wala nisamehe, wala niokoe. Ni utupe, utusamehe, utuokoe. Hata anayesali peke yake chumbani, mlango umefungwa, anasali na watu wengine kinywani mwake.

Jumapili ya 1, 30 Agosti: Baba yetu uliye mbinguni
Masomo: Luka 11:1-4, Luka 15:11-24

Nitaanza na watoto wa shule ya Jumapili, maana wengine wao wana baba aliyekwenda kambini visiwani na hajarudi, wala simu hapigi. Tusiwaambie haraka kwamba Mungu ni kama baba. Tuwaambie kinyume chake: Mungu ndiye Baba, na sisi wanaume wa Igombe tunapimwa kwake, wengi tunapungua. Yule baba wa Luka 15 anakimbia. Mzee wa heshima anashika kanzu yake na kukimbia njiani watu wanamtazama. Hapo ndipo mahubiri yatakaa.

Jumapili ya 2, 6 Septemba: Jina lako litukuzwe
Masomo: Ezekieli 36:20-23, Kutoka 20:7

Shukeni mwaloni asubuhi moja msome mitumbwi. Jina la Mungu limeandikwa ubavuni kwa rangi nzuri, limezungushiwa maua, na ndani ya mtumbwi huohuo kuna kokoro, ambalo kila mmoja wetu anajua limekatazwa na anajua linavyozoa hata vifaranga vya sato. Nabii Ezekieli anasema jina la Bwana lilitiwa unajisi na watu wake wenyewe, mbele ya mataifa. Silitaji kwa kuwasuta wavuvi. Jina hilohilo liko kwenye kadi zetu za harusi, kwenye vioo vya daladala, na kwenye barua zenye mhuri wa kanisa. Jumuiya zijadili swali moja tu: jirani asiyesali na sisi analisikia jina la Mungu vipi anapotuona?

Jumapili ya 3, 13 Septemba: Ufalme wako uje
Masomo: Marko 1:14-15, Mathayo 13:31-33, 47-48

Fupi. Vijana wa kipaimara watatembelea Bujora, Kisesa, Jumamosi inayotangulia, wakaone ngoma na vifaa vya watemi wa Usukuma. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, kwa hiyo hata wazee wengi hapa wanaukumbuka kwa kusimuliwa. Vijana watatueleza wenyewe wamejifunza nini juu ya mtemi: alitazamiwa mvua, alitazamiwa shibe, na mvua ilipokosekana alilaumiwa. Halafu tutasoma Yesu anavyousema ufalme wa Mungu: chachu, punje ya haradali, juya lililotupwa baharini. Hakuna ngoma hapo. Mtakaotafsiri mahubiri kwa Kisukuma, tuonane mapema juu ya neno "ufalme", lisije likarudi kuwa utemi ule ule.

Jumapili ya 4, 20 Septemba: Mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni
Masomo: Mathayo 26:36-46, Zaburi 130

Tarehe hii hatukuichagua sisi, imeangukia hapo. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, MV Nyerere iliondoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara, ikapinduka ikiwa karibu kabisa na kufika. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Wapo miongoni mwetu waliozika ndugu kule Bwisya, na wapo ambao kabla ya hapo waliwahi kulia kwa ajili ya MV Bukoba, 21 Mei 1996.

Naombeni tukubaliane kabla sijapanda madhabahuni. Siku hiyo mtu asiseme, wala mimi sitasema, kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Tumelizoea neno hilo misibani kwa sababu linafunga mdomo wa maswali. Kivuko kikibebeshwa watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, hayo ni mapenzi ya nani? Sala yenyewe ina jibu ndani yake. Tungekuwa tunaishi mahali ambapo kila kinachotokea ni mapenzi yake, tusingefundishwa kuomba yatimizwe. Tunaomba hivyo kwa kuwa hapa duniani bado hayatimizwi kama huko mbinguni.

Na Yesu mwenyewe alipoyasema maneno haya Gethsemane, neno kwa neno, "mapenzi yako yatimizwe", alikuwa ameanguka kifudifudi, ameomba kwanza kikombe kimwepuke. Aliomba mara tatu. Kwa hiyo mjane anayeuliza kwa nini, hajamkosea Mungu. Amepiga magoti mahali ambapo Bwana wake alipiga.

Hatutakuwa na kwaya kabla ya mahubiri. Majina yatasomwa na familia zenyewe, kwa anayetaka. Anayetaka kukaa kimya akae, asisogelewe na kuulizwa.

Jumapili ya 5, 27 Septemba: Utupe leo riziki yetu
Masomo: Kutoka 16:13-21, Mithali 30:8-9

Mwezi utakuwa mpevu tangu jana yake. Wenye karabai na taa za sola mnajua maana yake: mbalamwezi ikitawala dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala mchangani, na daftari la duka linaanza kunenepa. Ndiyo siku nzuri ya kuomba riziki ya leo, siku ambayo haipo.

Mana iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu. Akina mama mnaoanika dagaa mnajua habari hiyo bila kufundishwa: mvua moja ya ghafla na mzigo wa wiki unakuwa chakula cha kuku. Luther alipoeleza ombi hili hakuishia kwenye chakula. Aliweka humo mavazi, nyumba, serikali njema, amani, majirani wema, na hali njema ya hewa. Aliyeyaandika hayo hakuwa mvuvi, lakini angeelewana na mvuvi.

Sadaka ya mazao siku hiyo haitapigwa mnada. Itagawiwa.

Jumapili ya 6, 4 Oktoba: Utusamehe deni zetu
Masomo: Mathayo 18:21-35, Mathayo 6:14-15

Wakatoliki husema "makosa", na Luka anasema "dhambi", lakini hata Luka anamalizia kwa mdeni: "tunamsamehe kila tumwiaye", yaani kila tunayemdai. Mathayo kwetu ameandikwa "deni", na nashukuru, maana hapa neno hilo halihitaji mfano. Kuna mali kauli ya dagaa, kuna kikoba, kuna mwenye nyavu aliyekukopesha akuamulie na bei ya samaki, na kuna hiyo mikopo ya kausha damu iliyowafanya akina mama wawili wa jumuiya zetu waanze kupita njia ya nyuma.

Fanyeni hesabu na jumuiya zenu. Dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja, tunaliona hilo Mathayo 20. Mtumishi alidaiwa na mwenzake dinari mia, yaani siku mia za kibarua. Hizo si fedha kidogo! Yesu hasemi ulichokosewa ni kitu cha kupuuza. Ila talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, na mtumishi yule alikuwa amesamehewa talanta elfu kumi. Zidisheni: siku za kazi milioni sitini. Hakuna ukoo unaoweza kulipa deni hilo.

Najua nitaulizwa mlangoni: "Mchungaji, kwa hiyo nichane daftari?" Sitasema hivyo. Mwenye duka naye ana watoto, na mwenye deni asiyetaka kulipa asijifiche nyuma ya sala. Ninachoomba ni kwamba Jumatano hiyo kila mmoja aje na jina moja moyoni, analolidai au linalomdai, fedha au jambo lingine, na kabla ya Jumapili ya saba awe amekwenda kuzungumza naye. Hili ndilo ombi pekee ambalo Bwana, baada ya Amina, alirudi kulieleza.

Jumapili ya 7, 11 Oktoba: Na usitutie majaribuni
Masomo: Yakobo 1:12-15, Mathayo 4:1-11

Yakobo asomwe kwanza, kwa kuwa Mungu hamjaribu mtu kwa maovu. Kisha tuseme bila kumung'unya. Kijana aliyepokea ujira wa usiku mzima na kuumaliza kwenye kubeti kabla ya chai. Mtunza hazina wa kikundi. Mwanamke anayeambiwa mwaloni kwamba dagaa wapo ila bei yake si fedha. Wa mwisho huyo, jaribu si lake. Ni la yule mwanaume, na huenda ameketi benchi la mbele.

Jumapili ya 8, 18 Oktoba: Lakini utuokoe na yule mwovu
Masomo: Zaburi 69:1-3, 14-15, 1 Nyakati 29:10-13

Kanda yetu imemtafuta mwovu mahali pabaya. Imemtafuta kwenye macho mekundu ya bibi kizee, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi jikoni, na vikongwe wakakatwa mapanga. Imetafuta bahati kwenye viungo vya watu wenye ualbino. Waliofanya hivyo walidhani wanajikinga, na mwovu alikuwa ndiye aliyeshika panga. Nitasema hivyo wazi.

Halafu nitaazima neno la Wakatoliki. Wao husema "utuopoe maovuni". Kuopoa! Sisi watu wa ziwa tunalijua neno hilo kwa uchungu, maana ni miili inayoopolewa. Lakini tarehe 22 Septemba 2018, siku ya pili baada ya MV Nyerere kupinduka, wapiga mbizi walimwopoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya chombo kilicholala kichwa chini. Ombi hili ni la mtu aliye mahali hapo, asiyeweza kuogelea kutoka mwenyewe.

"Kwa kuwa ufalme ni wako" haumo katika nakala za kale zaidi za Mathayo, ndiyo maana Biblia zetu huuweka kwenye mabano. Kanisa liliusali tangu zamani, na sisi tutausali.

Tumewaalika majirani zetu wa parokia. Baada ya ibada, kama saa sita, tutashuka ufukweni na kusali pamoja, wao kwa maneno yao na sisi kwa yetu, bila kushindana sauti. Watakaotangulia kufika Amina watatusubiri. Chai na viazi vitakuwepo. Kila jumuiya ije na vikombe vyake, na safari hii viandikwe jina.

Mchungaji wenu, Igombe