Barua ya Kujiuzulu ya Mshauri Mkuu wa Kiti cha Enzi

Ofisi ya Mshauri Mkuu,
Kasri la Mfalme.
Siku ya 9, mwezi wa 7, mwaka wa 14 wa utawala

Kwa Mtukufu Mfalme,
Kupitia kwa Katibu wa Baraza.

YAH: KUJIUZULU WADHIFA WA MSHAURI MKUU

Mtukufu Mfalme,

Kwa heshima na taadhima, najiuzulu wadhifa wa Mshauri Mkuu kuanzia adhuhuri ya leo. Kanuni za Baraza zinamtaka mshauri anayeondoka atoe notisi ya siku 30, ila akiamriwa kutia saini hati anayojua si ya kweli, huruhusiwa kuondoka siku hiyohiyo. Hati ya namna hiyo nililetewa jana usiku. Nairudisha pamoja na barua hii, bila saini yangu.

Hati yenyewe ni hukumu ya mtunza ghala. Inadai kwamba aliiba magunia 640 ya nafaka ya akiba, peke yake, kati ya siku ya 11 na ya 14 ya mwezi wa 6. Mkokoteni wa kasri hubeba magunia 16, kwa hiyo mzigo huo ni safari 40. Mlango wa ghala una makufuli 2, na kwa makusudi funguo zake hazikai kwa mtu mmoja: mmoja anao mtunza ghala, wa pili anao Mtunza Hazina. Mwenye ufunguo mmoja hatoi hata kikapu. Baraza halikumuuliza Mtunza Hazina ufunguo wake ulikuwa kwa nani siku hizo 4. Nilimuuliza mimi, kwa maandishi, mara 2. Jibu nililopata ni askari kuwekwa mlangoni pangu.

Daftari la lango lingeweza kumaliza ubishi, kwa kuwa kila mkokoteni unaotoka huandikwa saa, mzigo na jina la aliyeruhusu. Karatasi ya siku hizo 4 haimo. Imekatwa kwa wembe karibu kabisa na uzi, na aliyeikata bila shaka aliridhika na kazi yake. Ila hakujua jinsi daftari linavyoshonwa. Karatasi hukunjwa katikati, uzi ukapita kwenye mkunjo, hivyo kila karatasi ya mbele ina pacha wake nyuma. Ukikata mmoja, pacha hana tena kinachomshika, na mtu wa kwanza kufunua daftari humwona anachomoka. Pacha huyo ni wa siku ya 27 hadi ya 30. Anaonyesha mikokoteni ikirudi mitupu, na anaonyesha jina la aliyeiruhusu kuingia. Jina hilo silo la mtunza ghala, na silitaji hapa kwa sababu barua hii itapita mikononi mwa mwenye jina kabla haijafika kwako.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko nafaka. Siku ya 3 ya mwezi wa 5, mbele ya Baraza zima, muhuri mkubwa ulianguka sakafuni ukameguka pembeni. Tangu siku hiyo, simba aliye kwenye lakiri hana ncha ya mkia. Hati ya kugawa mashamba ya mashariki ina tarehe ya siku ya 20, mwezi wa 3. Naomba uitazame mwenyewe mchana, karibu na dirisha, uhesabu mkia. Ukimaliza, ukumbuke pia kwamba mwezi wa 5 ulikuwa kitandani siku 19 kwa homa, hukuweza kushika kalamu, na muhuri ulitakiwa kuwa ndani ya kasha lenye funguo 3. Anayetaka kusema kwamba hati iliandikwa mapema ikachelewa kupigwa muhuri, aeleze kwa nini kwenye kitabu cha mihuri imeingizwa katikati ya mistari miwili, kwa wino mweusi zaidi ya mistari yote inayoizunguka.

Kuhusu ghorofa ya kaskazini nitasema machache. Imefungwa tangu mwaka wa 2 wa utawala wako, na Baraza liliambiwa paa lake ni bovu. Ghorofa isiyo na mtu haili mafuta. Daftari la stoo linaonyesha kibaba 1 cha mafuta ya taa kila usiku, sahani 2 za chakula, na tangu mwezi wa 4 mwaka huu, maziwa na jora 2 za kitambaa laini cha pamba. Malipo ya tabibu wa usiku yameandikwa chini ya matibabu ya farasi. Farasi wa kasri hulala upande wa kusini. Marehemu baba yako aliniachia maagizo ya mdomo kuhusu ghorofa hiyo, nami nimeyatunza na nitaendelea kuyatunza, maadamu walio ndani wako hai na salama.

Sikusudii kumtisha mtu. Lakini kwa kuwa mtunza ghala naye hakumtisha mtu na bado yuko gerezani, nimechukua tahadhari ya kawaida. Karatasi ya lango na orodha ya mambo haya vimenakiliwa mara 2 na kuwekwa sehemu 2, kwa watu wasiofahamiana. Kila mmoja ameagizwa la kufanya iwapo mtunza ghala atafia gerezani, kwa maradhi yoyote yale.

Nakabidhi yafuatayo kwa Katibu wa Baraza: funguo 4 za ofisi, ufunguo wangu wa kasha la muhuri, madaftari 7 ya mikataba na vijiti 11 vya lakiri ya kijani. Atakayenirithi ajue mambo mawili. Ufunguo wa kasha la mikataba huzungushwa kushoto nusu mzunguko mpaka usikike mlio, ndipo kulia. Ukilazimishwa kulia kwanza, ulimi wa kufuli hukwama na kasha litavunjwa. Na lakiri isiachwe ichemke. Hutoa povu, muhuri ukaacha vitundu, na hati halali ikaonekana kama imefunguliwa njiani ikafungwa tena. Tulishawahi kukaribia kugombana na jirani kwa ajili ya vitundu hivyo. Magunia ya hazina nayo ayapime kwa mizani, asihesabu mihuri iliyo shingoni mwa magunia.

Makarani wangu 3 hawakuona barua hii wala karatasi ya lango. Walinakili walichopewa kunakili, kila mmoja kipande chake. Naomba wabaki kazini na mshahara wao wa mwezi huu ulipwe kwa wakati. Malimbikizo yangu ya miezi 2 yapelekwe kwa familia ya mtunza ghala, ambayo imetolewa kwenye nyumba ya kasri kabla ya hukumu kutiwa saini.

Naomba stakabadhi ya vitu nilivyokabidhi kabla ya jua kuzama. Tafadhali ipigwe muhuri kwa mkono wako mwenyewe, Mtukufu Mfalme, na katibu asimame nje wakati huo.

Wako mtiifu,

Aliyekuwa Mshauri Mkuu wa Kiti cha Enzi

Nakala: Kadhi Mkuu, Mkuu wa Walinzi wa Lango, Jalada la Baraza.
Viambatisho: hukumu isiyotiwa saini (kurasa 3); orodha ya makabidhiano (ukurasa 1).