YAH: OMBI LA KUTENGENEZEWA KILULA CHA MTAA WA MKWAJUNI

Kwa Meneja wa Mamlaka ya Maji,
12 Septemba 2024

Husika na somo hapo juu.

Sisi wakazi wa Mkwajuni tunaomba kwa heshima mtutengenezee kilula kilicho jirani na zahanati, ambacho hakitoi maji tangu mwanzoni mwa Agosti. Koki zote mbili zimekatika, na bomba limepasuka chini ya mita. Maji yanapotoka usiku yanamwagikia barabarani hadi alfajiri, nasi tunaamkia tope.

Ndoo ya maji ya lita 20 tuliyokuwa tukiinunua kwa shilingi 50 sasa tunauziwa 500 na wenye matoroli. Asiyenazo anateka maji kwenye kisima cha bondeni, ambako ng'ombe nao hunywa. Akina mama wanaokwenda kujifungua zahanati wanabebeshwa maji yao kutoka nyumbani. Hili linatuuma kuliko yote.

Taarifa tumekwishatoa kupitia ofisi ya mtaa. Tunaomba fundi aje wiki hii, na kama vipuri havipo, mtuletee maji kwa boza wakati tukisubiri. Vijana wetu wako tayari kuchimba mtaro bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Wakazi wa Mkwajuni
(majina na sahihi zimeambatanishwa)

Nakala: Diwani wa Kata; Mwenyekiti wa Mtaa