Nimekosea profoma ya mabati ya Kigamboni, naomba uamuzi wako kabla ya saa 11 jioni leo

Shikamoo mama,

Najua uko kwenye treni ya Dodoma na mtandao unakatika njiani, kwa hiyo naanza na lenyewe. Profoma niliyomtumia mkandarasi wa Kibada siku ya Ijumaa ina kosa, na kosa ni langu. Bei niliyoweka ni ya kabla ya VAT, lakini chini ya karatasi kuna mstari unaosema "Bei zote ni pamoja na VAT". Leo saa 4:20 asubuhi ameingiza nusu ya hela benki, shilingi 9,920,000. Mteja hajasema kitu, na hana sababu ya kusema. Uhasibu nao hawajaliona. Nimeliona mwenyewe nilipokaa kwenye mashine ya EFD kumtolea risiti.

Hesabu iko hivi. Mabati 640 ya geji 28 kwa 31,000 ni 19,840,000. Ukiweka VAT ya asilimia 18, ambayo ni 3,571,200, alipaswa kuambiwa 23,411,200. Sasa tukimwacha na 19,840,000 kama karatasi inavyosema, VAT inatoka humohumo ndani: 19,840,000 gawanya kwa 1.18, tunabaki na 16,813,559. Kwa hiyo pengo letu ni 3,026,441, si ile 3,571,200 niliyoiona mwanzo nikatetemeka. Lakini mabati hayo tumeyanunua 27,500 moja bila VAT, yaani 17,600,000. Ukiongeza Fuso mpaka Kibada pamoja na tozo ya daraja, 350,000, tunauza kwa hasara ya 1,136,441. Biashara hii ilitakiwa kutuachia 1,890,000.

Ilivyotokea: nilifungua faili la profoma za rejareja kwa sababu jedwali lake limeshapangwa, nikafuta vitu vya mteja aliyetangulia, nikaweka mabati kwa bei ya orodha ya jumla. Rejareja tunaandika bei yenye VAT, jumla tunaandika isiyo nayo. Ule mstari uko chini kabisa, chini ya namba ya akaunti, kwa maandishi madogo, na sikuusoma. Ilikuwa saa 11 na nusu jioni na mteja alikuwa ananisubiri kwenye simu, ila sijitetei kwa hilo. Hata ingekuwa saa 3 asubuhi nisingeusoma, maana sijawahi kuusoma hata siku moja.

Nilichokwisha kufanya mpaka saa hii:

Risiti ya EFD nimeitoa leoleo, kwa 9,920,000, na maelezo yake ni "malipo ya awali", bila idadi ya mabati wala bei ya moja. Hela imeingia leo na VAT yake, 1,513,220, inahesabiwa leo, na hilo halibadiliki hata tukiamua vipi. Kwa hiyo risiti haitufungi kwenye bei.

Mzigo bado uko stoo Buguruni. Nimemwomba mkuu wa stoo asipakie chochote cha Kibada mpaka nimpe neno. Mteja anautaka Alhamisi, kwa hiyo tuna kesho nzima.

Nimepitia profoma zangu zote 11 tangu wiki iliyopita. Mbili nyingine zina mstari uleule: ya misumari na nyavu ya Mbagala, na ya rangi ya Tegeta. Zote hazijalipiwa. Nimewapigia wote wawili, nimewatumia zilizosahihishwa. Wa Tegeta amesema sawa. Wa Mbagala amenuna kidogo, anasema atanijibu kesho.

Sasa huyu wa Kibada. Naona njia tatu.

Ya kwanza ni kumwambia bei sahihi ni 23,411,200, akikataa tumrudishie hela yake. Sishauri. Ameshalipa kwa kuamini karatasi yenye mhuri wetu, na ana haki ya kutubana nayo. Nilifikiria pia kumwambia kwamba amesajiliwa VAT, namba yake ya VRN iko kwenye oda, hivyo nyongeza yote ataidai kwenye ritani yake na haimgusi. Nimekaa na hiyo hesabu nikaona si kweli. Kwa karatasi ile alijua bati moja linamgharimu 26,271 baada ya kudai VAT, na tukisahihisha litamgharimu 31,000. Inamgusa, na mtu anayejaza ritani kila mwezi atatushtukia papohapo.

Ya pili, ninayoipendekeza, ni kugawa. Hela aliyolipa ni ya mabati 320 kamili kwa bei ya profoma, basi hayo 320 ayapate kwa bei hiyohiyo na neno letu libaki lilivyo. Mabati 320 yanayobaki alipe 31,000 na VAT juu, yaani 11,705,600 badala ya 9,920,000. Anaongeza 1,785,600. Sisi tunapoteza 393,220 kwenye nusu ya kwanza, tunapata 1,120,000 kwenye ya pili, na tukitoa usafiri tunabaki na 376,780. Ni kidogo, ila hatujaingia hasara na mteja hatujampoteza. Ana nyumba nne pale Kibada na hii ni ya kwanza kuezekwa.

Ya tatu ni kumpa yote kwa bei aliyoiona na kumeza ile 1,136,441. Kama akikataa kabisa ya pili, nadhani tuishie hapo. Lakini hiyo siwezi kuiamua mimi.

Ukikubali ya pili, nitampigia mwenyewe, simu na si meseji, nimwambie hivi:

"Kaka, profoma ya Ijumaa nilikosea mimi. Bei ile haikuwa na VAT na nikakuandikia kwamba inayo. Mabati 320 uliyokwisha kuyalipia ni yako kwa bei ileile, Alhamisi yako saiti. Hayo mengine 320 naomba tuweke VAT juu yake, nakutumia karatasi mpya sasa hivi uione kabla hujaamua."

Nusu ya pili asipoitaka tena, nayo ni sawa. Mabati ya geji 28 hayakai stoo wiki mbili msimu huu.

Ninachohitaji kwako ni jibu moja tu, "pili" au "tatu", kabla ya saa 11 jioni. Nikimpigia leo bado hajawaita mafundi wa kuezeka. Kesho atakuwa ameshawaita. Treni ikifika nitakupigia pia, kama ungependa tuongee kwanza.

Kuhusu faili: nimeufuta ule mstari kwenye profoma ya rejareja, na sasa VAT ina safu yake kwenye jedwali, inajihesabu yenyewe, jumla inaonekana mara mbili, bila VAT na pamoja nayo. Nimemwomba dada wa uhasibu aitazame kesho asubuhi kabla hatujaanza kuitumia. Mpaka hapo, profoma yoyote inayozidi milioni 5 nitampitishia yeye kwanza.

Hatua ya kunichukulia mimi nakuachia, tutaongea ukirudi Ijumaa. Naomba tu simu ya mteja itangulie.

Samahani sana mama, na safari njema.

Idrisa
Dawati la mauzo ya jumla